Kusoma grafu ya nishati tuli: mahali ambapo mwinamo ni sifuri hapajamaliza swali

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha tuisheni ya fizikia kwa wanafunzi wa kidato cha sita hapa Sinza, na kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye grafu ya nishati tuli ni lile nililolifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi: kutafuta msawazo mahali ambapo mstari unakata mhimili. Jicho huvutwa na sifuri ya nishati, ilhali sifuri hiyo tumeiweka sisi wenyewe. Ukiongeza joule 5 kwenye grafu nzima, mstari wote utapanda juu, lakini chembe haitahisi chochote, kwa sababu kani inayoisukuma inatokana na mwinamo wa grafu, wala si kimo chake. Kanuni yenyewe ni F = −dU/dx. Alama ya kutoa ina maana kwamba mahali ambapo grafu inapanda kuelekea kulia, kani inasukuma kushoto, na inaposhuka kuelekea kulia, kani inasukuma kulia. Kwa maneno mengine, siku zote kani huelekea upande ambako nishati tuli inapungua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni U(x) = 3x⁴ − 4x³, ambapo U iko katika joule na x katika mita, kwa sababu una kitu ambacho bonde na kilele vya kawaida havikifundishi. Ukiuchora, utaona mstari unaoshuka kutoka kushoto, unaotulia kidogo na kuwa bapa unapofika x = 0 mithili ya kibaraza mbele ya nyumba, kisha unaendelea kushuka hadi chini kabisa kwenye x = 1, ambapo U ni joule −1, na baada ya hapo unapanda bila kurudi nyuma. Unakata mhimili kwenye x = 0 na kwenye x = 4/3. Hapo 4/3 si msawazo hata kidogo, kwa kuwa mwinamo ni mkali na kani ni takriban niutoni 7.1 kuelekea kushoto.

Msawazo uko mahali ambapo kani ni sifuri, yaani ambapo mwinamo ni sifuri. Ili kuupata, weka rula iguse mstari bila kuukata, uisogeze taratibu, na uweke alama kila inapolala sambamba na mhimili wa x. Utapata sehemu mbili tu, x = 0 na x = 1. Hesabu inakubaliana na rula, kwani F = 12x²(1 − x), na kani hii ni sifuri mahali hapo pawili pekee.

Uthabiti unapimwa kwa kuuliza kani inaelekea wapi pande zote mbili za sehemu hiyo. Kwenye x = 0.9 kani ni niutoni 0.97 kuelekea kulia, na kwenye x = 1.1 ni niutoni 1.45 kuelekea kushoto. Pande zote mbili zinairudisha chembe kwenye 1, kwa hiyo msawazo huo ni thabiti.

Kwenye kibaraza ndipo wengi wanapoteleza. Wanakokotoa mwinamo wa mwinamo, wanapata sifuri, na wanaandika kwamba msawazo haulemei upande wowote. Sifuri hiyo haisemi hivyo. Inasema tu kwamba kipimo hicho kimeshindwa kuamua, na lazima urudi kwenye kani. Kwenye x = −0.1 kani ni niutoni 0.13 kuelekea kulia, yaani inairudisha chembe, lakini kwenye x = 0.1 ni niutoni 0.11, nayo pia ni kuelekea kulia, yaani inaiondoa. Upande mmoja ukikosa kurudisha, msawazo si thabiti. Msawazo usiolemea upande wowote unahitaji grafu iwe bapa kwa urefu fulani, si kwenye nukta moja.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniuliza, «Mwalimu, kama hakuna msuguano, chembe niliyoiachia kwenye −0.1 si itafika kulia na kurudi tena mpaka hapo kwenye sifuri? Mbona tusiseme ni thabiti?» Alikuwa sahihi kuhusu safari hiyo: chembe ina nishati ya joule 0.0043 tu, kwa hiyo inavuka bonde, inageuka mbele kidogo ya 4/3, na inarudi. Nilimwomba aiachie kwenye −0.01, kisha −0.001, akaona kwamba kila mara inakwenda mpaka karibu na 4/3. Kwenye bonde la x = 1, ukipunguza msogeo wa mwanzo, mtikisiko wote nao unapungua kwa kadiri hiyo hiyo; kwenye kibaraza, hata msogeo mdogo kiasi gani unaipeleka chembe zaidi ya mita nzima.