Nimelipa taslimu, anakana

"Nilimpa anayeniletea vitunguu laki tano mkononi, kati ya laki tisa za magunia sita. Sasa anadai zote tisa. Nifanyeje?"

Pole dada. Kwanza pekua meseji zenu za siku ile na zilizofuata. Akiwa aliwahi kuandika "malizia ile laki nne", hapo amekiri kupokea tano, usiifute. Mtafute pia kuli au jirani wa kizimba aliyeona fedha zikihesabiwa, kisha mkae mbele ya uongozi wa soko. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai kama haya. Usisaini deni la laki tisa ili tu akuletee mzigo mwingine.

Kuanzia sasa nunua kitabu cha stakabadhi chenye kaboni. Anayepokea ndiye anayesaini, nakala moja ibaki kwako. Wengi hukosea kuandika "nimepokea 500,000" basi. Kesho atasema hiyo ilikuwa ya mzigo wa zamani. Andika hivi: "Nimepokea 500,000 (laki tano) za magunia 6 ya vitunguu yaliyoshushwa tarehe fulani, baki 400,000." Ipige picha palepale, kabla hajapanda gari.