Kumvisha mtu joho la kale pichani: anza na mwanga wa uso

Wateja wengi wanaoniletea picha ili niwavishe mavazi ya sherehe huwa wameshachagua vazi kabla ya kuchagua picha ya uso, nami huwaomba wageuze mpangilio huo. Vazi linaweza kupigwa picha upya wakati wowote, likasogezwa karibu na dirisha au mbali nalo, ilhali uso uliokwisha kupigwa umefungamana na mwanga wake, na hakuna kazi ngumu kwenye kompyuta kama kuubadilisha mwanga huo bila kumfanya mtu afanane na sanamu.

Nitaeleza kwa kutumia kadi moja ya mwaliko. Familia ilikuwa inaandaa sherehe yenye sura ya Zanzibar ya miaka ya 1890, na walitaka baba yao aonekane amevaa kanzu nyeupe, joho jeusi lenye tarizi ya dhahabu, kilemba, na jambia kiunoni, kama wanavyoonekana wakuu wa zama hizo katika picha za studio ya A. C. Gomes mjini Zanzibar. Picha ya mzee mwenyewe ilikuwa ya simu, amepigwa alasiri chini ya mwembe, amevaa shati jeupe.

Kabla ya kugusa chochote, niliikuza picha hiyo hadi macho yakajaa kioo, nikatazama vile vidoa vyeupe vinavyong'aa ndani ya mboni. Vilikuwa juu, upande wa kulia wa picha, vipana na visivyo na kingo kali, jambo lililonionyesha kwamba mwanga ulitoka upande huo, kutoka sehemu kubwa ya anga iliyo wazi. Kivuli cha pua kilielekea kushoto na kushuka kidogo, na ukingo wake ulififia taratibu, kwa hiyo hapakuwa na jua la moja kwa moja. Kwenye ngozi nyeusi kuna dalili nyingine iliyo wazi kuliko kivuli, nayo ni mng'ao wa paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua, kwa sababu ngozi ya namna hiyo huonyesha umbo lake zaidi kwa kung'aa kuliko kwa kuingia kizani. Ndiyo maana huwa naikataa picha iliyopitishwa kwenye urembo wa simu. Urembo huo hufuta mng'ao, na ukishafutwa huna tena cha kukuongoza. Mwombe mteja akutumie faili halisi kama waraka, kwa kuwa picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza mengi kwenye sehemu zenye kivuli.

Vazi nalo nililipiga picha likiwa limevaliwa na kijana mwenye mabega yanayokaribiana na ya mzee, maana nguo iliyotundikwa haina mikunjo ya kweli kwapani wala kivuli cha kidevu kwenye ukosi. Nilimweka dirisha likiwa upande wa kulia wa picha, nikaiweka kamera kwenye kimo kilekile ambacho simu ilishikwa. Ukilazimika kutumia picha ya vazi iliyopo tayari yenye mwanga wa upande mwingine, geuza vazi, usigeuze uso. Ndugu wa mtu hutambua mara moja uso uliogeuzwa, hata wakishindwa kusema kilichobadilika. Hata hivyo angalia vifungo vya koti na mkono ulioshika upanga, kwa sababu navyo vitahama upande, na maandishi yoyote yaliyotariziwa yatasomeka kinyumenyume.

Upande wa mwanga ulipolingana, lilibaki swali la kina cha kivuli, na hapa macho hudanganya, kwa hiyo mimi hupima. Katika Photoshop fungua `Info`, upitishe kishale kwenye shavu lenye mwanga, kisha kwenye shavu la kivulini. Uso wa mzee ulinipa takriban 170 na 138. Kanzu katika picha ya kwanza ya majaribio ilinipa 222 upande wa dirisha na 118 upande wa pili. Namba hizi hazipandi sawasawa na mwanga wenyewe: gawanya kubwa kwa ndogo, kisha jibu ulipandishe kwa kipeo cha 2.2, ndipo upate makadirio ya tofauti halisi. Kwa uso jibu lilikuwa kama mara moja na nusu, na kwa kanzu kama mara nne. Chumba kilikuwa kimemeza mwanga, wakati bustanini mwanga ulimzunguka mzee pande zote. Nilitundika shuka jeupe upande wa kivuli, karibu na kijana lakini nje ya picha, na kanzu ikasoma 222 na 172, yaani kama mara moja na robo tatu. Tofauti ndogo ya namna hiyo inarekebishika.

Rangi ya mwanga ilisahihishwa kwa msaada wa shati la mzee. Jeupe lake lilikuwa na kijani kilichozidi, rangi ya majani ya mwembe, nami nikatumia `Curves` kuishusha hadi namba tatu za shati zikakaribiana, kisha nikafanya hivyohivyo kwa kanzu. Baada ya hapo nilifungua leya mpya yenye hali ya `Soft Light`, nikaijaza kijivu cha 50%, na kwa brashi laini yenye nguvu ndogo nikaongeza giza kidogo kwenye shavu la kivulini. Njia hii huongeza au kupunguza kidogo mwanga uliopo, wala haiwezi kuuhamisha kutoka shavu moja hadi jingine. Atakayejaribu kufanya hivyo ataona ngozi inageuka kama majivu.

Kilemba huleta kivuli chake, na wengi hukisahau. Uso uliopigwa bila kilemba una paji linalong'aa hadi kwenye nywele, na likiachwa hivyo kitambaa huonekana kimebandikwa. Nilichora ukanda mwembamba wa kivuli chini ya ukingo wa kilemba, mpana zaidi upande wa kushoto wa picha, kwa leya ya `Multiply`, na rangi niliichukua kwenye ngozi ya mzee mwenyewe iliyo kivulini, kwa kuwa nyeusi tupu huonekana kama masizi. Chini ya kidevu nilifanya kinyume, nikang'arisha kidogo tu, kwa sababu kanzu nyeupe hurudisha mwanga juu kwenye taya, ilhali shati la mzee katika picha ya simu lilikuwa limefunikwa nusu na halikuurudisha kwa kiasi hicho.

Kuifanya picha ionekane ya zamani ndiko huja mwisho, mwanga ukiwa umeshalingana, kwani rangi ya kahawia huficha tofauti za rangi lakini haifichi kivuli kilichoelekea upande usio wake. Sahani za kioo zilizotumika kwenye kamera za miaka ile kwa kawaida hazikuona wekundu, na hivyo ngozi na midomo vilitoka na giza kuliko tunavyoviona, na bluu ikatoka nyeupe. Kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa njia ya kawaida hakutoi sura hiyo. Katika `Channel Mixer` nilichagua `Monochrome`, nikaiweka `Blue` kwenye 100 na rangi nyingine mbili kwenye sifuri, na dhahabu ya tarizi ikashuka ikawa kijivu kizito. Faili za simu huwa na chembechembe nyingi kwenye bluu, kwa hiyo zikizidi rudisha `Green` hadi kama 30 na upunguze `Blue` kwa kiasi hichohicho, kisha chembe za filamu zitie juu ya picha nzima kwa pamoja, uso na vazi vikiwa leya moja.