Barua pepe ya kumwomba msimamizi asogeze uzinduzi

Mchambuzi mgeni kazini akiona majaribio yameleta matatizo, mara nyingi huandika kwamba mfumo "bado una changamoto kadhaa". Msimamizi hawezi kuamua lolote kwa sentensi hiyo. Anachohitaji ni kujua tatizo hilo litakuwa na ukubwa gani siku wateja wote watakapoingia, na kama ofisi ina watu wa kulibeba.

Tuchukue mfano wa programu ya malipo. Majaribio ya siku 10 yamepitisha miamala 1,200, na wateja 5 wamelalamika kutozwa mara mbili. Usiandike 5. Wengi hawalalamiki, wengine hawajatazama hata salio lao. Linganisha kumbukumbu za programu na za benki, muamala kwa muamala. Tuseme ukifanya hivyo unapata 18, yaani asilimia 1.5. Hiyo ndiyo namba yako.

Asilimia 1.5 inaonekana ndogo, na ndiyo maana isiachwe peke yake. Ikiwa baada ya uzinduzi inatarajiwa miamala 40,000 kwa siku, wateja 600 watatozwa mara mbili kila siku. Kaulize kitengo cha huduma kwa wateja kinamaliza malalamiko mangapi kwa siku. Wakikujibu 80, hoja yako imekamilika kabla hujaanza kuandika.

Kisha tafuta chanzo. Hapa ni mtandao unaokatika kabla ya jibu kurudi: simu inadhani ombi halikufika, inalituma tena, na seva inalipokea kama ombi jipya. Tiba yake ni kila ombi kubeba namba yake ya kipekee, ili seva ikiiona mara ya pili isitoze. Eleza hivyo, kisha nyamaza kuhusu nani alisahau. Barua hizi husambazwa, na aliyetajwa ataisoma.

Sasa tarehe. "Tusubiri kidogo" ni ombi rahisi kukataliwa, kwa hiyo siku zako zitoke kwenye hesabu. Kuna kanuni ya takwimu inayosaidia: ukipitisha miamala kadhaa bila kosa hata moja, gawanya 3 kwa idadi hiyo, na kwa uhakika wa asilimia 95 kiwango halisi cha makosa hakizidi jibu unalopata. Miamala 3,000 safi inakupa 1 kwa 1,000, ambayo kwa miamala 40,000 ni malalamiko yasiyozidi 40 kwa siku. Kitengo kinayaweza. Majaribio ya awali yalipitisha miamala 120 kwa siku. Watumiaji wakiongezwa mara tatu itakuwa 360, hivyo siku 9 zinatosha. Ongeza 3 za marekebisho. Ila hesabu hii ina maana tu kama hali ya mtandao inafanana na ile ya wateja halisi. Majaribio yakifanyika ofisini kwenye mtandao imara, hata miamala 10,000 safi haithibitishi kitu.

Barua yenyewe inaweza kuwa fupi hivi:

Yah: Ombi la kusogeza uzinduzi kwa siku 12 za kazi

Habari za kazi, Mkuu.

Naomba uzinduzi usogezwe kwa siku 12 za kazi. Katika miamala 1,200 ya majaribio, 18 ilitozwa mara mbili. Kwa kiwango hicho, uzinduzi kamili utaleta takriban kesi 600 kwa siku, na huduma kwa wateja wanamudu 80.

Chanzo kimejulikana: ombi linarudiwa mtandao unapokatika. Marekebisho ni siku 3, na kuyapima siku 9. Tukipitisha miamala 3,000 bila kosa, nitapendekeza tuzindue. Likitokea hata moja, nitakuletea taarifa siku hiyo hiyo.

Ikiwa tarehe haiwezi kubadilika, tunaweza kuanza na asilimia 10 ya wateja, ambapo kesi zitakuwa takriban 60 kwa siku. Naomba uamuzi wako kabla ya Alhamisi saa 6 mchana, kwani matangazo yanatumwa Ijumaa. Nimeambatisha orodha ya miamala 18.

Angalia kwamba ombi liko kwenye kichwa na sentensi ya kwanza. Salamu ni moja. Heshima inaonekana zaidi katika kumwachia uamuzi na muda wa kuufanya. Orodha iwe na namba za miamala, bila majina wala simu za wateja.

Akichagua asilimia 10, mjibu kwa maandishi ukitaja kikomo mlichokubaliana, kwa mfano kwamba kesi zikifika 80 kwa siku usajili wa wateja wapya unasimama, na nani mwenye ruhusa ya kuusimamisha. Ulinganisho na kumbukumbu za benki uendelee kila asubuhi.