Usiiguse sarufi ya kauli mbiu mbovu

"Wakuu, nahariri maandishi kwa kampuni changa ya kusafirisha vifurushi kwa pikipiki, Tabata. Mwanzilishi ana kauli mbiu anayoipenda kuliko kampuni yenyewe: MZIGO WAKO RAHA YETU. Nahisi vijana wataicheka. Nimepanga nimwandikie barua pepe, nianze na sifa, niweke koma inayokosekana, halafu niseme labda tuiangalie upya. Ijumaa analipa amana ya stika na fulana. Barua hiyo ina adabu ya kutosha? Na kazi kama hii mnatoza shilingi ngapi? Kauli mbiu inasajiliwa BRELA?"

Futa hiyo barua. Na hiyo koma usiiweke, tafadhali, usiiweke. Mpango wako naujua mpaka harufu yake, maana ni uleule wa kwangu, na ulimaliza viroba elfu nne vya kilo tano.

Mzee mmoja alikuwa na mashine ya kukoboa na kusaga Manzese. Wateja wake wa mwanzo walikuwa wakimwambia kwamba ukila ugali wake huendi tena kwa mwingine. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Siku alipoamua kufungasha, akayageuza kauli mbiu: UKIONJA UNGA WETU MARA MOJA HAUACHI. Isome taratibu kwa sikio la mtu wa Dar. Unga. Kuonja. Mara moja. Huachi. Kila neno peke yake lina adabu zake, ila yakikaa pamoja yanamtangaza muuza dawa za kulevya, tena anayejivunia.

Niliiona. Hapo ndipo linaponiuma, niliiona mara ya kwanza tu. Lakini mkubwa wangu wa kazi alisema, "Mteja kalipia uhariri, wewe rekebisha Kiswahili." Na kabla ya hapo kuna fundi mmoja wa semina, wa suti na kalamu ya kuelekezea ukutani, aliyetufundisha kwamba ukosoaji uuweke katikati ya sifa mbili. Laiti angenirudishia nauli! Mzee alikula mikate yote miwili akaacha siagi. Aliposoma "labda tuiangalie upya" alielewa kwamba ataiangalia upya ikishachapwa, aifurahie.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa sarufi. "Hauachi" ni ya unga: unga hauachi. Ya mtu ni "huachi". Nikafuta herufi moja kwa kalamu nyekundu, nikajiona nimefanya kazi. Kumbe herufi ile ilikuwa kizuizi cha mwisho. Msomaji angalau alikuwa anajikwaa pale. Baada ya kuinyoosha, sentensi ikateleza vizuri mpaka kwa mateja. Mbaya kuliko hilo, karatasi ikawa na alama zangu. Ukirekebisha kitu kidogo ndani ya sentensi, umemwambia mwenyewe kwamba kilichobaki umekipitisha. Mzee alikwenda kwa mchapaji anasema, "Mhariri ameshaipitia."

Kwa mchapaji kila rangi ina pleti yake. Kauli mbiu ilikuwa ya rangi nyekundu, kwa hiyo pleti moja tu ndiyo ingebadilishwa, na siku ile ingekuwa hasara ndogo. Tulikuja kugundua viroba vimeshatoka. Tukajaribu kubandika stika juu. Usijaribu. Kiroba kimefumwa, kina mabonde, gundi inashika vilimani tu. Ongeza vumbi la unga na kule kusuguana vikipangwa, siku ya tatu stika imekunjamana na neno HUACHI linachungulia chini yake kama mwizi.

Vijana walipiga picha wakaweka kwenye stetasi: "Mzee kajisalimisha mwenyewe." Hao tungewavumilia. Lakini mama mmoja mwenye duka Magomeni aligeuza viroba vyote viangalie ukuta. Mwanawe alikuwa anakwenda Muhimbili kila asubuhi kunywa methadoni. Yeye hakucheka, na hakuagiza tena.

Sasa kanuni, moja tu: mwanzilishi asisikie kutoka kwako, asikie kutoka kwa mnunuzi, na asikie kabla ya amana. Wewe ukimwambia, ni maoni ya mwajiriwa dhidi ya maoni ya mwenye mali, na unajua nani anashinda.

Chapa kauli mbiu kwenye karatasi kwa ukubwa utakaoonekana kwenye pikipiki, herufi zilezile, mistari ikatike palepale. Tafuta watu saba wasiomjua bosi wala wewe: mwenye duka, mama lishe, dereva wa bodaboda, mwanafunzi, na mtu mzima wa rika la bosi mwenyewe, asije akasema ni uhuni wa watoto. Mwonyeshe kila mmoja sekunde tatu, kisha ficha. Uliza hivi: "Hawa wanauza nini?" Usiulize kama ameipenda. Dar hii nani atamwambia mgeni kitu chako kibaya? Atakwambia iko poa, akusindikize na maji ya kunywa. Andika jibu kwa maneno yake, usiyasafishe. Aliyecheka kabla hajajibu, andika "alicheka kwanza". Kwenye mzigo wako hao ndio watakaokuwa wengi, na wote tunajua wanawaza mzigo upi.

Halafu nenda kwa bosi mwenyewe, peke yake, si kwenye kundi la watsapu la ofisi. Kwa mzee nilikuja kufanya hivyo nikiwa nimechelewa, na bado ilisaidia. Nilisubiri mashine izimwe. Shikamoo, marahaba, nikampa kiroba mkononi, nikasoma majibu saba bila kuongeza neno. Kwenye la tano akanyoosha mkono.

"Huyu ni wa wapi?"

"Mama lishe wa hapa hapa Manzese, mzee. Ananunua kwako."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini wao wenyewe ndio walioniambia, mwanangu."

"Walikuambia wameshika ugali, mzee. Kwenye kiroba ugali hakuna."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, kwa sababu kasoro haikuwa kwenye majivuno yake. Unga hauonjwi. Unachekechwa, unasongwa, kinachoonjwa ni ugali. Anayeonja unga mkavu ni yule mwingine. Alitaka kuweka "sembe" mahali pa "unga", nikamkatalia, maana mtaani sembe nayo imeshachukuliwa. Tukabakiza "mara moja" yake, kwa kuwa ndiyo aliyoipenda, tukabadilisha kitendo: UKISONGA MARA MOJA, UTARUDI. Akairudia mara tatu, ya tatu kwa sauti ya redio. Kesho yake alikuwa anawaambia watu kaitunga mwenyewe. Mwache.

Kwa hiyo na wewe usiende mikono mitupu. Muulize bosi kwanza anapenda neno lipi katika yale manne. Kama ni "raha", libakize na uhangaike na "mzigo". Hapo "kifurushi" kinaweza kukuokoa, ingawa kinataka pumzi ndefu na fulana ina kifua kifupi. Kama ni "mzigo", basi "raha" iondoke, maana hizo mbili hazikai chumba kimoja. Lolote mtakalochagua, lirudishe kwa watu saba wengine. Wale wa kwanza wameshajua mchezo.

Ya BRELA sijui kwa nini unaharakisha kusajili kitu ambacho hujakipeleka hata kwa muuza vocha. Na bei, wengine watakujibu.

Leo Jumanne. Amana Ijumaa. Kesho asubuhi anza na kijiwe cha bodaboda, kabla hawajatawanyika.