Kabla hujatangaza kwamba mchezo umetimia

Jumapili iliyopita katibu mpya wa chama cha jirani alitangaza saa tatu usiku kwamba wote wamelipa mchezo, ule mchango wa kila wiki anaopokea mtu mmoja kwa zamu, na saa nne akaomba radhi. Jumapili ya kabla yake ilikuwa hivyo hivyo kwa katibu mwingine. Nawapenda nyote mnaoshika kazi hii, maana hailipwi na shukrani yake ni simu za usiku. Lakini makosa ni yale yale tuliyoyafanya sisi, na mengine yanawaumiza watu wasiohusika. Haya ni ya vyama vyetu vya Mombasa, ambako mweka hazina hupokea kwa M-Pesa, huandika kwenye jedwali la simu, kisha hupiga skrinishoti na kumtumia katibu asome.

1. Soma majina, usihesabu tiki.

Hili nililijifunza vibaya. Tulikuwa watu 10, kila mmoja shilingi 2,000 kwa wiki, kwa hiyo anayepokea mchezo hupata 20,000. Ilikuwa wiki ya 6. Jedwali la mweka hazina halikuenea kwenye kioo cha simu yake, kwa hiyo alinitumia picha mbili. Ya kwanza ilionyesha mstari wa 1 hadi wa 6. Ya pili ilianzia mstari wa 5 ikaishia wa 10, kwa sababu alipotelezesha kidole hakufika mbali vya kutosha.

Nilikuwa harusini, simu mkono mmoja na sahani ya pilau mkono wa pili. Nikahesabu tiki. Picha ya kwanza tiki 5, ya pili tiki 5. Jumla tiki 10, na sisi ni 10. Kwenye mstari wa 9 palikuwa na 1,000 badala ya tiki, nami nikakumbuka kwamba kuna mtu alibakisha 1,000 wiki ya 5, nikasema hilo ndilo deni lake limeingia. Kila kitu kikawa na maelezo. Nikaandika: "Wote wamelipa, zamu ya 6 apelekewe."

Kumbe mstari wa 5 na wa 6 nimewahesabu mara mbili. Mstari wa 3 ulikuwa mtupu kabisa. Na ile 1,000 ya mstari wa 9 haikuwa deni la zamani; alikuwa amelipa nusu ya wiki hiyo. Fedha zilizoingia kweli zilikuwa tiki 8, yaani 16,000, pamoja na ile 1,000: jumla 17,000. Mweka hazina, mama mtu mzima ambaye macho yake yamechoka na anayeniamini kwa hesabu, alituma 20,000 kama nilivyosema. Laini ile ile ilikuwa na 4,500 za mfuko wa dharura, kwa hiyo M-Pesa haikukataa. Ilichukua 3,000 za dharura kimya kimya.

Wiki mbili baadaye mwenzetu akafiwa. Desturi yetu ni kutoa 4,000 siku hiyo hiyo. Mama akafungua simu akakuta 1,500. Alirudia kuangalia salio mara tatu mbele yetu, matangani. Hakuna aliyemwambia mwizi, lakini hakuna aliyezungumza, na mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama mjukuu wake hutumia simu ile. Mama aliondoka kabla ya dua. Tulichanga 2,500 papo hapo kujazia.

Usiku ule nilizifungua tena picha zote za wiki ya 6 na ya 7, nikaandika majina yote 10 kwa mkono kwenye karatasi, nikaweka alama mbele ya kila jina. Dakika nne tu, nikaliona. Alfajiri nilikwenda kwake na karatasi, nikaisoma mbele yake, kisha nikaisoma tena mbele ya wote. Aliye mstari wa 3 alisema aliona tangazo langu akadhani binti yake amemlipia. Alilipa siku ile, na wa mstari wa 9 akamaliza 1,000 yake. Fedha zilirudi zote. Mama aliendelea na kazi hadi mzunguko ukaisha, kisha akaomba apumzike, na sababu yake mimi naijua.

Kwa hiyo: andika majina kwanza, ukiwa hujafungua picha. Kisha jaza kila jina kutoka kwenye picha. Jina likijitokeza kwenye picha mbili, mstari ni mmoja. Na jumla ikizidi kiwango cha wiki, simama. Mimi nilipata 21,000 kwa mchezo wa 20,000 na badala ya kuuliza nikaitafutia ile elfu moja sababu.

2. Saa iliyo juu ya skrinishoti si saa ya malipo.

Hiyo ni saa ambayo picha ilipigwa. Saa ya malipo imo ndani ya ujumbe wenyewe, na inasoma kizungu: 8:14 PM ni saa mbili na dakika 14 usiku. Kama mwisho wenu ni saa mbili, huyo amechelewa. Nimeona katibu akimtoza faini mtu aliyelipa 7:50 PM kwa kudhani ni saa saba.

Picha ikikatwa tarehe, angalia namba ya muamala. Wanaoshika vyama wameizoea: herufi ya kwanza hufuata mwaka, ya pili mwezi, ya tatu siku. Inayoanza `TF8` ni ya 2025, mwezi wa 6, tarehe 8, ambayo ilikuwa Jumapili. Ikianza `TF9` imelipwa Jumatatu, hata mtu akiapa. Siku ya 10 kwenda mbele huwa herufi, A ikiwa 10. Watu wawili wakileta namba moja, malipo ni moja.

Na ujumbe unaohesabika ni wa mweka hazina, ule wa "You have received". Wa mlipaji ni wa kuulizia tu.

3. Anayedaiwa akilipa, deni la zamani hujazwa kwanza.

Aliyebakisha 1,000 wiki ya 5 akileta 2,000 wiki ya 6, wiki ya 5 imetimia na wiki ya 6 ana nusu. Ukimpa tiki wiki ya 6, lile pengo la nyuma hakuna atakayerudi kulitazama. Kubalianeni hivyo mapema, maana mtu akikaribia zamu yake kupokea huwa hapendi kuisikia kanuni hii.

4. Salio la M-Pesa si fedha za mchezo.

Ndani yake kuna mchezo, dharura, faini, na pengine fedha za mama mwenyewe za unga. Omba picha ya salio pamoja na jedwali, kisha pima: salio la wiki jana, ongeza zilizoingia, toa zilizotoka na makato ya kutuma. Isipolingana hata kwa shilingi 30, uliza usiku huo huo. Bora zaidi, dharura iwekwe laini nyingine. Sisi tulihamisha baada ya matanga yale.

Tangazo langu la wiki ya 6 lilipaswa kusomeka hivi: "Wiki ya 6. Waliolipa kamili: 1, 2, 4, 5, 6, 7, 8, 10. Nusu: 9, amebakisha 1,000. Bado: 3. Zimeingia 17,000, zimepungua 3,000. Dharura 4,500, haijaguswa. Zamu ya 6 tafadhali subiri hadi kesho saa sita mchana."