Kamba wa friza: ondoa barafu kwanza, ndipo uhesabu protini

Ukihesabu protini kwa gramu, kuku na mayai havikusumbui sana. Wanaosumbua ni kamba na minofu ya samaki waliogandishwa, kwa sababu unachoweka kwenye mizani si nyama tupu. Kila kipande kimevikwa ganda la barafu, na barafu hiyo ina uzito lakini haina protini hata chembe.

Mimi nililitilia maanani jambo hili nilipokuwa nampikia baba baada ya upasuaji. Mtaalamu wa lishe alimpangia gramu 80 za protini kwa siku. Hamu ya kula hakuwa nayo, na kamba ndio waliokuwa wakishuka bila kubembelezwa. Mtu mwenye njaa yake, ukikosea gramu kumi mchana atafidia jioni. Mgonjwa anayekula vijiko vichache hafidii, kwa hiyo nilitaka kujua kwa hakika anameza nini.

Ganda lenyewe lina kazi yake. Kiwandani, kamba wakishagandishwa huchovywa au hunyunyiziwa maji ya baridi, nayo maji huganda papo hapo juu yao. Utando huo huzuia hewa kavu ya friza isiinyonye nyama maji, na huzuia oksijeni isiyaharibu mafuta ya samaki. Samaki aliyekaa uchi kwenye friza hutoka mabaka meupe, makavu, na akipikwa huwa kama makapi. Ila kwa kazi hiyo, ganda la asilimia 6 hadi 10 ya uzito wote linatosha. Likifika 20 au 30, hapo unauziwa maji. Na kadiri kamba walivyo wadogo ndivyo wanavyobeba barafu nyingi zaidi kwa kilo, maana vipande vidogo vingi vina ngozi ya nje kubwa kuliko vipande vikubwa vichache vya uzito uleule.

Kwenye pakiti tafuta namba mbili: uzito wote, na uzito halisi bila barafu. Kiwango cha kimataifa cha Codex cha kamba waliogandishwa, na sheria za Umoja wa Ulaya, vinataka uzito halisi unaotangazwa usihesabu ganda. Ukiona gramu 1000 na gramu 800 kwenye pakiti moja, jibu unalo tayari: barafu ni asilimia 20. Ukiona namba moja tu, au kamba wanauzwa wazi kwa kupimwa, itabidi upime mwenyewe, na si kazi ya kukutoa jasho.

Toa kamba kwenye friza na uwapime hapohapo, wakiwa wakavu na wagumu. Watie kwenye chujio, fungulia maji ya baridi yatoke taratibu, huku ukiwatikisa na kuwapapasa. Mwanzoni vidole vinateleza kama juu ya kioo. Baada ya muda mfupi utelezi unakwisha, unaanza kuhisi mikunjo ya nyama yenyewe, na rangi inakuwa haing'ai tena. Simama hapo. Inamisha chujio kidogo, acha maji yachuruzike kwa dakika 2, kisha pima tena. Kamba wanatakiwa wawe bado wagumu katikati. Wakianza kupinda mkononi umepitiliza, kwa kuwa sasa hata maji ya ndani ya nyama yanatoka na utayahesabu kama barafu. Ndiyo sababu siwayeyushi usiku kucha halafu nikapima: kinachobaki kwenye bakuli asubuhi ni mchanganyiko wa barafu ya juu na maji ya nyama, na huwezi tena kuvitenganisha.

Pima fungu kubwa, si kamba watatu wanne. Barafu haijagawanyika sawasawa. Chini ya pakiti hukuta vipande vilivyomenyeka ganda, na vumbi la barafu limejikusanya pembeni.

Sasa hesabu yenyewe. Kamba waliomenywa wa pakiti ya baba walikuwa gramu 250 kutoka friza. Baada ya kuondoa ganda walibaki gramu 190. Barafu ni gramu 60, yaani asilimia 24. Lebo ilisema gramu 18 za protini kwa kila gramu 100. Anayepima na barafu yake ataandika gramu 45 za protini, lakini kilichopo kwenye sahani ni gramu 34 na kidogo. Tofauti hiyo ya karibu gramu 11 inakaribia protini ya mayai mawili.

Wengi wakishajua barafu ni asilimia 24 huongeza asilimia 24 ya kamba na kuona mambo yamekwisha. Haitoshi. Ukitaka gramu 250 za nyama tupu ukachukua gramu 310, ukiondoa ganda unabaki na 236 hivi. Unachotakiwa ni kugawanya kwa sehemu iliyo nyama, yaani 190 kwa 250, ambayo ni 0.76: 250 gawanya kwa 0.76, unapata takriban gramu 329. Kwa pakiti ileile niliandika 0.76 juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na yeyote aliyeingia jikoni alijua cha kufanya.

Kabla ya kupunguza chochote, itazame vizuri ile namba ya protini kwenye lebo. Kamba mbichi asiyeongezwa maji huwa na protini ya gramu 18 hadi 20 kwa kila gramu 100. Namba ikiwa hapo, imehesabiwa kwa nyama, kwa hiyo barafu ni juu yako kuitoa. Ikiwa ni 12 au 13, kuna maji yaliyokwisha kuingizwa kwenye hesabu. Huenda waliipima bidhaa pamoja na ganda lake, na hapo ukipunguza tena utakuwa umeitoa barafu ileile mara mbili.

Au kamba walilowekwa. Soma orodha ya viungo: ukiona fosfeti, mara nyingi E450, E451 au E452, nyama yenyewe imefanywa ishike maji zaidi. Maji hayo yako ndani, chujio halitayatoa. Utayaona kwenye sufuria: kamba waliolowekwa sana hutoa maji mengi meupe, wanasinyaa, na bado wakitafunwa wanakuwa kama mpira. Kwa hao nafuata lebo baada ya kuondoa ganda, siwapi zile gramu 20 za kwenye majedwali ya lishe.

Minofu ya samaki hufuata njia hiyohiyo, ila ni rahisi zaidi kwa sababu kipande kimoja kikubwa hupapaswa kwa urahisi. Kamba waliogandishwa kwa pamoja kama tofali ndio wagumu kupima, maana maji yamejaza nafasi zote kati yao na huwezi kuosha ganda la kila mmoja. Hao nawapika kwanza, nawachuja, ndipo napima, nikitumia namba za kamba aliyepikwa, ambazo ni kama gramu 24 kwa gramu 100. Usichanganye tu: uzito wa aliyepikwa uende na namba ya aliyepikwa. Na usiwapike mpaka wakakauka, kwa sababu aliyekauka ana protini nyingi zaidi kwa gramu kuliko jedwali linavyosema, na hesabu itapinda upande wa pili.