Gamoni: lini umshambulie mwenye kete kwenye baa na lini utulie

"Wakuu, kwenye bakgamoni nikishamla mtu kete ikakaa kwenye baa huwa nashindwa kuamua, niendelee kumshambulia kwa kuacha kete yangu peke yake au nicheze salama nijenge taratibu? Gamoni inapigiwaje hesabu?"

Mkuu mimi nakujibu kwa gemu moja iliyonifungua macho, tulicheza Mikindani jioni barazani na mzee mmoja aliyekuwa baharia, mchezo aliutoa huko huko melini. Panga ubao wako unifuate, namba za nyumba nahesabu kwa upande wangu, 1 hadi 6 ndo nyumbani kwangu.

Mzee akaanza na 5 na 2. Ile 2 akaitumia kupandisha kete moja ya nyuma, kwa hiyo zile kete zake mbili zilizokuwa nyumba yangu ya 1 zikaachana, moja ikabaki 1 nyingine ikakaa 3, kila moja peke yake. Mimi nikarusha 5-5. Mbili kutoka 8 hadi 3, mbili kutoka 6 hadi 1, zote mbili zimeliwa, mzee ana kete mbili kwenye baa na mimi nimefunga nyumba tatu, 6, 3 na 1. Mpaka hapo hakuna la kuamua, huo mrusho unajicheza wenyewe.

Akarusha 6 na 5. Ile 6 imefungwa, 5 ikamwingiza moja kwenye nyumba yangu ya 5, nyingine imebaki baa. Zamu yangu, nikapata 4 na 3. Sasa swali lako liko hapa hapa.

Mimi niliogopa. Nikatoa kete moja kutoka 13 nikaileta mpaka 6, naona nimetulia sina shida. Mzee akarusha 5 na 2, ile 5 ikamwingiza juu ya mwenzake, akawa na nanga kwenye nyumba yangu ya 5. Gamoni, yaani ule ushindi wa kutoa kete zako zote yeye hajatoa hata moja, ikafia pale, maana mtu mwenye nanga pale humfungii nje tena, ana pa kuingilia mpaka mwisho, na gemu yenyewe nikaja kuipoteza.

Tulipomaliza mzee akairudisha ile hali ubaoni akaniuliza, "Mwanangu, uliogopa namba gani?" Nikamwambia niliogopa 5, kwa sababu kama ningemla kwa kushusha ile kete ya 8 hadi 5 ingekaa peke yake na yeye akipata 5 ananila. Akaniambia, "Haya, na ulipocheza salama, mimi nilikuwa naomba namba gani?" Ni 5 ile ile! Mirusho yenye 5 ni 11 kati ya 36, ukishambulia ndo hiyo inakuumiza, usiposhambulia ndo hiyo inampa nanga. Yaani salama yangu haikununua kitu, mkosi ni ule ule, tofauti iko kwenye ile mirusho 25 iliyobaki.

Tuiangalie hiyo 25. Chukulia nimecheza ile 3 kutoka 8 hadi 5 nikamla, na ile 4 kutoka 13 hadi 9 kama kete ya akiba. Mzee ana mbili baa tena. Mirusho 9 haingizi hata moja (dadu zote mbili zikiangukia 1, 3 au 6). Mirusho 12 anaingiza moja tu, nyingine inabaki baa. Minne tu ndo anaingiza zote mbili bila kunila, nayo ni 2-2, 4-4, na 4 na 2 ambayo inahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo mara 21 kati ya 36 mimi sijaguswa na yeye bado ana mtu baa, na zamu inayofuata naifunga ile 5 kwa 4 yoyote kutoka 9 au 1 yoyote kutoka 6, ukiongeza 6 na 2, 5 na 3, na 2-2 inafika mirusho 25 kati ya 36. Ikifungwa hiyo ni nyumba nne, mwenye kete moja baa anakwama mara 16 kati ya 36, na wewe unaendelea kusogeza kete. Gamoni zinatokea humo, mwenzio anakaa baa huku kete zake nyingine ziko mbali, unamaliza kutoa zako zote yeye hajatoa hata moja.

Na akipata hiyo 5 akanila? Kete ile inarudi baa, napoteza hatua 20, inauma kweli. Ila nyumbani kwake amefunga nyumba moja tu, ile 6 yake, kwa hiyo mimi kukosa kuingia ni mrusho mmoja tu, 6-6, na bado nina kete zangu mbili nyuma kama nanga. Na kati ya hiyo mirusho 11 iko 6 ambayo dadu ya pili imefungwa, yaani amenila lakini mwenyewe bado ana kete baa. Hapo ndo nilielewa kwamba kabla ya kushambulia unaangalia ubao WAKE, wako baadaye. Ingekuwa mzee amefunga nyumba nne kwake, nikiliwa nakwama mara 16 kati ya 36 na gamoni inaweza kunigeukia mimi, basi salama ingekuwa na haki yake. Vile vile kama ameshashika nanga ndani kwako usihangaike kushambulia kete nyingine, huwezi kumfunga nje. Na angalia akiba, mimi nilikuwa bado na kete nne pale 13 na moja 9, shambulizi lisilo na kete za kuja kufunika linaishia kete kurundikana nyumba ya 1 na 2 huko hazina kazi.

Hesabu ya gamoni yenyewe sasa. Mkicheza kwa pointi, gamoni ni pointi 2 badala ya 1. Ukipoteza gemu ambayo ungeshinda hujapoteza pointi 1, umetoka kwenye +1 umekwenda -1, hizo ni 2. Gamoni inakuongezea 1 tu juu ya ushindi wa kawaida. Kwa hiyo kila ushindi mmoja unaoutoa sadaka udai gamoni mbili za ziada. Mfano wa kujifunzia tu, kwenye gemu 100 salama inakupa ushindi 60 na shambulizi 57, umepoteza 3, basi shambulizi lilete gamoni 6 zaidi ndo mko sawa, na kumbuka kutoa zile gamoni utakazofungwa wewe.

Mkiwa kwenye mechi matokeo yanabadilisha hiyo bei. Wote mmebakiza pointi 1, gamoni haina thamani yoyote, cheza kile kinachoshinda gemu mara nyingi. Wewe umebakiza 2 mwenzio kabakiza 1, ile gemu ambayo dadu ya kudabo hairuhusiwi, gamoni inamaliza mechi papo hapo, pale gamoni moja ya ziada inalipa ushindi mmoja mzima uliopotea, na mzee kwenye hali hiyo alikuwa anaacha kete peke yake hata pale ambapo kwenye gemu ya pointi angetulia.

Ukikwama na hali nyingine andika kete ziko nyumba namba ngapi na dadu ulizopata, tuhesabu pamoja mrusho kwa mrusho.